Mrejesho: tamsulosini, finasteridi na tezi dume iliyokua

Niliuliza: "Tezi dume yangu imekua, nianze na tamsulosini au finasteridi, na upasuaji unahitajika lini?"

Nawashukuru mlionijibu. Daktari alinianzishia tamsulosini ya miligramu 0.4 kila usiku, na ndani ya wiki moja mkojo ulianza kutoka kwa nguvu, kwa kuwa dawa hii hulegeza misuli ya shingo ya kibofu bila kuipunguza tezi yenyewe. Adha yake ni kizunguzungu ninapoinuka ghafla kitandani, na shahawa kutoka kidogo mno, jambo linaloshtua lakini halina hatari.

Kwa kuwa altrasaundi ilionyesha tezi kubwa, aliongeza finasteridi ya miligramu 5, ambayo huisinyaza taratibu na huhitaji takribani miezi 6. Hamu ya tendo la ndoa imepungua kiasi. Wengi hawaambiwi kwamba finasteridi hushusha kwa karibu nusu majibu ya PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, hivyo anayesoma majibu asipojua kuwa unaitumia, dalili ya saratani inaweza kumpita.

Upasuaji utafikiriwa endapo mkojo utaziba hadi niwekewe mpira wa kukojolea, kisha uzibe tena baada ya mpira huo kutolewa, figo zitaathirika, au damu na maambukizi vitajirudia licha ya dawa.