Tupeane uzoefu: Kukata miezi mitatu tu kutoka kwenye chati nzima ya WhatsApp

KatibuWaChama (Nakuru)
Habari zenu nyote. Kwenye chama chetu kuna mwanachama anayesema alimaliza kulipa mkopo wake kati ya Aprili na Juni 2024. Mweka hazina anasema bado anadaiwa. Wazee wa chama wameniagiza niwaletee mazungumzo ya grupu ya kuanzia 1/4/2024 hadi 30/6/2024, yasizidi hapo. Nimefungua grupu, nikabonyeza vidoti vitatu, `More`, `Export chat`, `Without media`, nikajitumia kwa imeli. Faili limekuja na kila kitu, mpaka pole za misiba na ubishi wa rangi ya sare. Sikuona mahali pa kuchagua tarehe. Waliowahi kufanya hivi, mlikataje?

DadaMilimani (Kisumu)
Hapo hujakosea, WhatsApp haina pa kuchagua tarehe. Mimi nilikuwa navutana na mwenye nyumba kuhusu diposi. Nilifungua faili kwa Notepad, nikatafuta siku ya kwanza kwa Ctrl+F, nikafuta vyote vya juu. Nikateremka mpaka siku ya mwisho, nikafuta vya chini. Halafu `Save as` kwa jina jingine, lile faili lenyewe usiliguse. Nilimaliza kabla chai haijapoa.

KijanaWaMaseno
Dada, hiyo ni kazi ya jembe. Kama una laptopu yenye Linux, lipe faili jina `chat.txt`, halafu mstari mmoja tu:

```
grep -E "^[0-9]+/0[456]/2024" chat.txt > kipande.txt
```

Aprili, Mei na Juni zote hizo. Kwisha.

MzeeWaKitale
Katibu, mbona mnajitesa? Piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa, utaletewa kwa imeli. Mimi ndivyo nilivyomnyamazisha mnunuzi wa mahindi yangu.

KatibuWaChama (Nakuru)
Asante mzee, lakini kwetu watu hulipa taslimu siku ya mkutano. Jioni mweka hazina anaandika orodha kwenye grupu. Hakuna rekodi nyingine.

MtuWaMafaili (Kisumu)
Kama ni orodha, basi Kijana, amri yako itamponza Katibu. Tazameni meseji ya aina hiyo inavyokaa ndani ya faili:

```
12/04/2024, 19:42 - Mweka Hazina: Waliolipa leo
Mama Kibanda 2,000
Fundi Viatu 1,500
12/04/2024, 19:50 - Katibu: Asante
```

Tarehe iko kwenye mstari wa kwanza wa meseji peke yake. Mistari ya majina na pesa haina tarehe, kwa hiyo `grep` inaiacha yote. Utabaki na "Waliolipa leo" na "Asante", na pesa zenyewe hazipo. Ubaya ni kwamba kipande kitaonekana kizima ukikipitia haraka. Njia ya Dada haina tatizo hilo, maana yeye anakata juu na chini, katikati haguswi mtu.

Ukitaka amri, tumia inayokumbuka tarehe ya mwisho iliyoiona, na mistari isiyo na tarehe iihesabu chini ya tarehe hiyo:

```
awk '/^[0-9]+\/[0-9]+\/[0-9]+, /{split($1,d,"[/,]"); k=d[3]*10000+d[2]*100+d[1]} k>=20240401 && k<=20240630' chat.txt > kipande.txt
```

Inageuza 12/04/2024 kuwa 20240412 ili tarehe ziweze kulinganishwa kama namba za kawaida. Kwa Windows inafanya kazi ndani ya programu ya Git Bash, na kwa simu ya Android ndani ya programu ya Termux.

Ila kabla ya kukata, fungua faili uangalie mambo mawili. Kwanza, tarehe ya mstari wa kwanza kabisa. `Without media` inatoa kama meseji 40,000 za karibuni, ukichukua na picha ni kama 10,000. Grupu lenye kelele linaweza kuwa limeshapoteza mwanzo, na kama faili lenyewe linaanza katikati ya Mei, hakuna amri itakayokupa Aprili. Pili, mpangilio wa siku na mwezi. Simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani huandika 4/12/24 kwa maana ya tarehe 12 Aprili. Tafuta tarehe iliyozidi 12 uone imekaa upande gani. Ikiwa mwezi ndio umetangulia, badilisha nafasi za `d[1]` na `d[2]`. Na mwaka ukiwa wa tarakimu mbili, mipaka iwe 240401 na 240630.

KijanaWaMaseno
Sawa mkubwa, hilo la mistari nimelikubali. Lakini `grep` ina `-A`, unaweza kuongeza mistari inayofuata.

MtuWaMafaili (Kisumu)
Mistari mingapi? Leo orodha ina watu watatu, kesho ishirini. Ndipo `-A` inaposhindwa.

KaraniWaKakamega
Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili. Mambo ya chama yakifika kortini, kipande peke yake hakitoshi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilitolewaje na kwa kifaa gani. Kwa hiyo Katibu, andika leo: simu gani, ya nani, ulitoa siku gani, ulikata kwa njia gani. Faili zima libaki kwenye imeli lilivyokuja.

Kitu kingine ni majina. Faili hutumia majina yaliyo kwenye simu ya aliyetoa. Tuliwahi kuletewa chati ambayo mdaiwa ameandikwa "Usipokee Huyu" kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wakili wa upande wa pili akaifurahia sana.

KatibuWaChama (Nakuru)
Haya, nimekata kwa `awk` kwenye laptopu ya mtoto wa dada yangu. Mstari wa kwanza ni wa tarehe 1 Aprili, wa mwisho ni wa 30 Juni, na orodha zote zina pesa zake. Sehemu moja mwezi wa tano imeandikwa `This message was deleted`. Hiyo inaweza kurudishwa?

MtuWaMafaili (Kisumu)
Kwenye hilo faili, hapana. Lakini mstari huo uache hapo hapo, unaonyesha ni nani aliyefuta. Kibaya zaidi ni meseji uliyoifuta kwenye simu yako peke yako, kwa `Delete for me`. Hiyo haiachi hata alama. Ndiyo maana ningemwomba na huyo mwanachama atoe chati kwenye simu yake, muweke vipande viwili kando kwa kando.

DadaMilimani (Kisumu)
Na wengine je? Humo ndani kuna watu waliozungumza mambo ya ndoa na ugonjwa ndani ya hiyo miezi mitatu. Mimi ningetoa meseji za mkopo pekee.

KaraniWaKakamega
Ukianza kuchagua meseji ndani ya kipindi, mpinzani atauliza ulichoacha ni nini. Ofisini kwetu wenyewe hatukubaliani kuhusu hili.

KatibuWaChama (Nakuru)
Wazee wataamua wasome wenyewe au nisome mimi. Mwanachama amekubali kutoa yake, lakini ana iPhone, na amri ile ile imenipa `kipande.txt` tupu kabisa.

MtuWaMafaili (Kisumu)
iPhone huanza mstari kwa mabano, `[12/04/2024, 19:42:10]`, ndiyo maana amri haikuona tarehe hata moja. Yaondoe kwenye nakala kwanza, halafu endesha `awk` kwa `nakala.txt`:

```
sed 's/^\[//' _chat.txt > nakala.txt
```

Mistari ya picha huwa na herufi isiyoonekana mbele ya mabano, kwa hiyo hiyo itahesabiwa chini ya tarehe ya meseji iliyotangulia. Pale Machi inapokutana na Aprili, na Juni na Julai, ipitie kwa macho.