Kode inafika ikiwa imekwisha kufa, na wakala anasema njia yake ndiyo ya haraka

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira. Ninasimamia programu ya chama cha akiba hapa Lubumbashi, na mwanachama anayetoa fedha hutumiwa kode inayoishi sekunde 120 tu. Wakala wetu wa ujumbe alitupa njia mbili za kuchagua, akasifu ya kwanza kwa sababu ukipanga muda wa ujumbe wote, ule wa katikati ni mdogo kuliko wa njia ya pili. Tangu tuichukue, watu wanasimama mbele ya kaunta wakitazama simu, huku ripoti yake ikionyesha kwamba kila ujumbe umefika.

Juzi nilinunua laini za mitandao mitatu, nikatuma ujumbe 20 kwa kila laini kupitia kila njia, nikihesabu sekunde hadi kode ionekane kwenye simu. Kwa mitandao miwili njia ya kwanza ilishinda kweli. Kwa mtandao wa tatu ujumbe 13 ulifika ndani ya sekunde 5, lakini 7 ulichukua zaidi ya dakika tatu, ilhali njia ya pili haikuzidi sekunde 19 hata mara moja. Huo wa katikati hauwaoni kabisa wale saba, na hao ndio wanaonifokea!

Fundi wa Kamalondo: Risiti hiyo haiwezi kukusaidia, ndugu. Itazame:

```
submit date:2503141022 done date:2503141022 stat:DELIVRD
```

Inaishia kwenye dakika, haina sekunde, na wapo wapatanishi wanaoitoa kabla simu haijapokea chochote. Hesabu kode ngapi zimeandikwa na wanachama kabla hazijafa, ukitenganisha kila mtandao, kisha kila mtandao uupe njia yake.

Kijana wa Katuba: Kwa nini msitume kode mpya kwa njia ya pili baada ya sekunde 30?

Mwenye uzi: Kuhamia njia ya pili ni sawa, lakini kode mpya inaiua ya zamani, na ile ya zamani ikichelewa kufika, mama wa watu ataandika hiyo hiyo na kukataliwa. Irudiwe kode ile ile.

Mama wa Ruashi: Wanangu, mimi zangu zinafika usiku, zote pamoja. Nyumbani kwangu mtandao hauingii. Nibadilishe chama?

Fundi wa Kamalondo: Hapana, mama, chama hakina kosa. Simu isipopatikana, mtandao huuweka ujumbe na kujaribu tena baadaye, na hakuna njia itakayoponya hilo. Mwenye uzi aweke kikomo, ili kode iliyokufa isimfikie mtu:

```
validity_period = 000000000200000R
```

Mwenye uzi: Nimekiweka tangu Jumanne, na jana laini iliyokuwa imezimwa saa nzima ilipokea kode mara tu nilipoiwasha. Nimemwuliza wakala kama kikomo hicho anakifikisha kwenye mtandao au anakidondosha njiani, na hadi sasa hajajibu.