Mrejesho: mkopo wenye dhamana ya nyumba

Niliuliza: "Benki inasema mkopo wa shilingi milioni 400 hauna hasara kwa sababu nyumba ya dhamana ina thamani ya milioni 500. Mkaguzi apinge vipi?"

Wakuu, asanteni. Nilianza na historia ya malipo, kama mlivyoshauri. Mkopo ulipangwa upya mara mbili mteja akiwa ameshindwa kulipa, na kila mara siku za kuchelewa zikarudi sifuri. Ndiyo maana mfumo uliuonyesha hatua ya 1, yaani mkopo usio na tatizo. Tuliuhamishia hatua ya 3, ya mikopo iliyoshindwa kulipwa. Meneja wa mikopo alibisha sana, lakini barua za mteja kuomba nafuu zilikuwa kwenye faili.

Kwenye nyumba, milioni 500 ilikuwa bei ya soko. Minada ya benki hiyohiyo ilionyesha nyumba huuzwa kwa takribani asilimia 70 ya bei hiyo, baada ya miaka mitatu hivi ya kesi. Basi ni milioni 350. Toa gharama asilimia 10, zabaki 315. Ukizipunguza kwa riba ya mkopo, asilimia 16 kwa mwaka, kwa miaka hiyo mitatu, thamani ya leo ni kama milioni 202. Hasara: milioni 198. Benki imekubali kurekebisha. Sasa tunapitia mikopo mingine iliyopangwa upya.