Nani alifundisha watu kupesti na rangi za kwenye tovuti?? Kurasa 64 zimeenda takataka

MamaSaiba_Ngara
Wadau acheni nitolee hasira hapa kwa sababu nikimpigia huyu kastoma saa hii nitamtusi. Niko na saiba ndogo Ngara, kompyuta nne na printa moja ya leza, ile ya blaki. Jana jioni kijana wa chuo akaniletea flashi, ripoti ya viwavijeshi kwa mahindi, kurasa 64, anataka imeprintiwa na kufungwa spairo kufikia asubuhi saa mbili. Nikaangalia kwa skrini iko sawa, Times New Roman 12, hakuna kitu cha ajabu, nikabonyeza printi nikaenda kuhudumia mathe wa pasipoti. Kurudi karibu nilie. Kila kurasa mbili tatu kuna maandishi yamekaa ni kama yamepakwa jivu, vidoti vidoti vyeusi nyuma ya maneno. Skrini zangu ni kuukuu, kijivu nyepesi haionekani kabisa, lakini printa iliiona yote na ikaiweka.

Bob 10 kwa ukurasa, hiyo ni 640 imeenda na tona yangu. Jamaa ameenda mtandaoni akakopi, akapesti, akabadilisha fonti akadhani amemaliza. Nimejaribu kutoa ile hailaiti, nikaweka No Color, wapi! Nikashika Ctrl+A nikabonyeza Clear All Formatting, sasa vichwa vyote vimekuwa maandishi ya kawaida, na nilipoapdeti yaliyomo ikaniandikia "No table of contents entries found". Nikafunga bila kusevu nikaenda kulala na njaa. Hii tabia ya kupesti ovyo iishe jamani!!

Kijana_wa_Umoja
Pole mathe lakini hiyo ni rahisi sana, tumia Ctrl+Shift+V badala ya Ctrl+V, inafanya kazi kila mahali, maneno yanakuja uchi.

MamaSaiba_Ngara
Kila mahali wapi? Nimejaribu saa hii kwa Word 2016, hakuna kitu inaleta. Na hata ingeleta, si mimi nilipesti, kazi ilikuja tayari imeharibika.

Fundi_wa_Kibodi
Kijana ako sawa nusu. Kwa Chrome na Google Docs hiyo inakubali, na hizi Word mpya pia, lakini kwa 2016 Ctrl+Shift+V ina kazi nyingine kabisa: inapesti mtindo uliokopiwa na Ctrl+Shift+C, bila maneno. Kwa hiyo mathe hajakosea, mashine yake ndiyo ya zamani. Hapo unapesti kawaida na Ctrl+V, unaachilia, halafu unabonyeza Ctrl peke yake kijisanduku kifunguke, kisha T. Hiyo T ni Keep Text Only.

Sasa turudi kwa jivu. Mama, ulikuwa unapigana na adui si wako. Hiyo si hailaiti, ndiyo maana No Color haikuigusa. Ni Shading. Tovuti nyingi huweka aya ndani ya sanduku la kijivu, na ukikopi, kompyuta inabeba nakala zaidi ya moja kwa wakati mmoja: moja ya maneno matupu, nyingine imevaa nguo zote za tovuti, fonti, rangi na hiyo kijivu. Word ikipewa nafasi inachukua iliyovaa. Jamaa alipobadilisha fonti alivua shati tu, suruali ikabaki.

Usishike Ctrl+A tena. Bonyeza ndani ya aya moja yenye jivu halafu Shift+F1, pembeni itafunguka orodha ya kila kitu kimevaliwa hapo, utaona neno Shading na liko chini ya nini. Ama angalia tu kwa karatasi. Kijivu kikiishia pale maneno ya mstari yanaishia, kimeshikwa na herufi, chagua hiyo aya upige Ctrl+Space. Kikijaa hadi pambizo kama sanduku, ni cha aya yenyewe, hapo ni Ctrl+Q. Vichwa usiviguse, na yaliyomo yatabaki salama.

Mwarabu_wa_Nambale
Mimi simu yangu inakataa kupesti kabisa kwa app ya benki, nikishikilia hakuna kitu inatokea, hii nayo natoaje??

Kijana_wa_Umoja
@Mwarabu hiyo ni stori ingine bro, hapa ni rangi.

Nyar_Data
Yangu inakaribiana. Nilikuwa najaza fomu mtandaoni, nikakopi namba ya kitambulisho kutoka kwa dokumenti, fomu ikasema si sahihi. Nikaenda na Ctrl+Shift+V kama mnavyosema, bado. Nikapitisha kwa Notepad kwanza, bado. Nikaona hii maneno ya kupesti uchi ni uongo.

Fundi_wa_Kibodi
Si uongo, ni kwamba kisanduku kidogo cha namba hakijawahi kukubali rangi wala fonti, kwa hivyo hakukuwa na nguo ya kuvuliwa. Angalia mwisho wa namba: digiti ya mwisho iko?

Nyar_Data
Ngoja... haiko!! Ni saba badala ya nane.

Fundi_wa_Kibodi
Basi ulikopi na nafasi mbele ya namba. Kisanduku kimewekewa mwisho herufi nane, ile nafasi ikakula kiti cha kwanza, digiti ya mwisho ikakosa. Nafasi ni herufi kama herufi ingine, hata Notepad haiitoi. Peleka kasa mwanzo, futa, malizia namba kwa mkono.

Nyar_Data
Imekubali. Nusu saa nilikuwa nalaani fomu ya watu.

Mwalimu_Kasarani
Mimi hiyo T siipendi na nitasema kwa nini. Kwa ripoti ya viwavijeshi kuna *Spodoptera frugiperda* na *Zea mays*, na majina ya kisayansi lazima yalale italiki. Ukipesti maneno matupu yote yanasimama wima, na mwanafunzi hatayarudisha, namjua. Baada ya Ctrl bonyeza M, ile Merge Formatting. Inachukua fonti ya hapo unapopesti lakini italiki na bold zinabaki.

Fundi_wa_Kibodi
Mwalimu hapo umenishika, na hata Ctrl+Space niliyotaja inaondoa hizo italiki pamoja na jivu. Mama, kwa aya zenye majina hayo usiitumie, chagua maneno yake bila ile alama ya mwisho wa aya, ingia kwa ile ndoo ya rangi, Shading, uweke No Color ya hapo. Lakini kwa kupesti mimi bado ni mtu wa T, M imewahi kuniletea bold nisizozitaka.

Mwalimu_Kasarani
Bold moja unaitoa. Italiki arobaini utazitafuta wapi?

MamaSaiba_Ngara
Nimerudi. Nimefungua Shift+F1 na ni kweli, Shading, aya 23 nimehesabu. Nyingi ni za herufi, nne ni masanduku mazima. Nimetumia dakika ishirini hivi, nikaprinti kwanza ukurasa 9 peke yake kuona, imetoka nyeupe pe! Sasa swali langu ambalo hakuna amejibu, hiyo 640 ya jana nani analipa?

Kijana_wa_Umoja
Kastoma. Faili ni yake.

Mwalimu_Kasarani
Aa, printa ni ya mama na ni yeye alibonyeza kurasa 64 bila kutoa moja ya kujaribu. Wagawane.

MamaSaiba_Ngara
Wagawane na nani, ameingia saa hii na flashi. Anasema supavaiza ametaka sura moja zaidi, ameiandika usiku. Nimeifungua hapa mbele yake nikabonyeza Shift+F1 na anaona ninavyomwangalia.