Hija ya 2027: nikate tiketi ya kurudi lini?

Bint Kibokoni, Leeds
Assalam aleykum jamaa. Mamangu atahiji 2027 na kikundi cha Mombasa, nami natokea huku, tukutane Makka inshallah. Kazini wanataka tarehe za likizo mapema, na tiketi hufunguliwa kama miezi 11 kabla. Kalenda inasema Arafa ni Jumamosi 15 Mei. Nikikata ya kurudi Alhamisi 20, nitakuwa salama?

Mzee wa Old Town, London
Mwanangu, ngoja Kadhi Mkuu atangaze mwezi. Hija hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Arafa ya 2024 ilikuwa 15 Juni, ya 2025 ikawa 5 Juni. Zaidi ya hapo ni kukisia.

Mwalimu wa Likoni, Jeddah
Shikamoo mzee wangu. Hesabu ya siku ni sawa, lakini mahujaji hawafuati tangazo la Nairobi wala la Mombasa. Wanafuata la Mahakama ya Juu ya Saudia, nalo hutoka usiku wa kuamkia siku ya 30 ya Mfunguo Pili, au ya kwanza ya Mfunguo Tatu mwezi ukiandama.

Dada, mwaka huo una kitu cha kuangalia. Kwa kalenda ya Saudia ya Ummul Qura usiku huo ni wa Alhamisi 6 Mei. Mwezi unazaliwa mchana huohuo karibu saa nane kwa saa za Makka, na jua linatua kabla ya saa moja jioni. Mwezi wenye umri wa saa tano hauonekani kwa macho. Kalenda inauhesabu, kwa hiyo inaweka Arafa tarehe 15. Wakikosa ushahidi wa kuonekana, Arafa inasogea hadi Jumapili 16. Utajua siku chache tu kabla ya kwenda Mina.

Sasa hesabu kwa tarehe zote mbili. Anayekaa Mina hadi 13 Mfunguo Tatu atamaliza kutupa mawe tarehe 19 au 20 Mei, kisha kuna tawafu ya kuaga na foleni ya mabasi hadi Jeddah. Tarehe 20 ni hatari. Kata ya 22, iwe tiketi inayobadilishika, na likizo omba hadi 24.

Wa Majengo, Toronto
Mimi nimeshaamua kurudi nyumbani niswali Idi uwanja wa Makadara tarehe 16. Kwa hiyo niahirishe?

Mwalimu wa Likoni
Wewe si wa Hija, ndugu yangu. Mombasa wakingoja mwezi wao, Idi yaweza kuwa 17. Fika kabla ya 16, uondoke baada ya 18.

Mzee wa Old Town
Na saumu ya Arafa je? Sisi huku tufunge na Makka au na Mombasa?

Mwalimu wa Likoni
Hilo, mzee, masheikh wenyewe hawajakubaliana.

Bint Kibokoni
Shukran, nachukua ya 22. Nimempigia mamangu: kikundi chao kimempa tarehe ya kuondoka tu, ya kurudi bado. Nani anajua wanaipanga lini?