"Kuhusu Sisi" ya biashara ya korosho: rasimu A au B?

Kikaango_Shangani: Wadau, tunabangua na kukaanga korosho hapa Mtwara, tunauza mifuko ya robo kilo kwa wateja wa Dar na Arusha. Tovuti iko tayari, imebaki "Kuhusu Sisi". Nichague ipi?

A: "Sisi ni vinara wa korosho bora, huduma bora na bei nafuu."

B: "Familia yetu inalima mikorosho Newala tangu enzi za babu…" (aya nne)

Mama_Ufuta_Lindi: B. Hiyo A hata muuza simu anaweza kuibandika kwake. Watu wanapenda hadithi.

Mhariri_Ligula: A kweli itupwe. Ila B ina watu, haina ahadi. Mteja wa Arusha anayelipa kabla ya kuonja anahofia punje zilizovunjika na korosho zilizokaa hadi ladha ya mafuta ikabadilika. Anza na hofu hizo, na ushahidi ukae papo hapo:

"Tunakaanga baada ya wewe kuagiza, tarehe ya kukaanga imeandikwa kwenye mfuko. Ndani ni punje nzima za W320. Zihesabu: zitakuwa 165 hadi 176."

W320 ni punje 300 hadi 320 kwa ratili moja, yaani gramu 454. Robo kilo inatoa hesabu hiyo. Babu abaki, kwa sentensi moja inayoeleza kwa nini mnajua kuchagua korosho ghafi.

Mbanguaji_Masasi: Ndugu, daraja hupimwa kabla ya kukaanga. Motoni maji yanapungua, punje inakuwa nyepesi, kwa hiyo robo kilo itabeba punje zaidi. Nyingine zinapasuka wakati wa kugeuza.

Mhariri_Ligula: Asante, hilo linabadilisha sentensi. Kikaango, fungua mifuko kadhaa ya siku tofauti, hesabu nzima na vipande, kisha andika namba unazozipata wewe. Namba ya makadirio mteja akiihesabu ikakataa, ukurasa wote unakosa imani.

Wageni_Mikindani: Mimi nina nyumba ya wageni. Nami niweke alama ya TBS?

Mhariri_Ligula: Hapana, TBS ni ya bidhaa kama korosho zake, kama ameshapewa leseni. Wewe sema umeme ukikatika usiku unafanya nini, na weka picha ya jenereta lako mwenyewe.

Mama_Ufuta_Lindi: Bado nasema msimkate sana babu. Nikinunua chakula nataka kumjua aliyekishika.

Kikaango_Shangani: Basi nitaweka picha ya mama zetu wakibangua, wakikubali. Nataka pia kuongeza: "Vipande vikizidi tulivyosema, tunakutumia mfuko mwingine." Mwenzangu anapinga, anasema mizigo inarushwarushwa kwenye basi, hasara itakuwa yetu. Wanaosafirisha, mnaandikaje hapo?

Mbanguaji_Masasi: Sisi mfuko unaingia kwenye boksi gumu kwanza. Ahadi hiyo bila boksi, usiiandike.