Mawakala na wasafiri, acheni kutuletea skrinshoti ya jumla tupu! YQ si kodi!

MhasibuMkali

Wakuu, leo sina hata salamu ndefu. Fomu ya marejesho ya masurufu ina safu tatu za tiketi ya ndege: nauli ya msingi, kodi na ada za serikali na viwanja, tozo za shirika la ndege. Tatu! Halafu mtu anarudi safari na skrinshoti ya Watsapu iliyokatwa juu na chini, imeandikwa "Jumla 2,330,000", anataka nimsainie. Mwingine analeta kipande cha kupandia ndege. Hicho kinaonyesha umesafiri, hakionyeshi umelipa ngapi. Mwingine analeta uthibitisho wa kuhifadhi nafasi, una herufi sita za rejea na neno `HK`, lakini hauna namba ya tiketi hata moja. Ndugu yangu, hiyo ni nafasi iliyoshikiliwa tu, tiketi bado haijakatwa!

Karatasi ninayoitaka ni risiti ya tiketi ya kielektroniki, yenye namba ya tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika. Na isomeke mpaka mstari wa mwisho, maana ndiko mgawanyo unakojificha. Mfano huu ni wa kubuni, na nimeondoa ada za uwanja wa kuunganishia ndege ili usiwachoshe:

```
FARE   USD 480.00
EQUIV  TZS 1200000
TAX    550000YQ 100000TZ 480000XT
TOTAL  TZS 2330000
DAR XX LON Q25.00 215.00XX DAR Q25.00 215.00
NUC480.00END ROE1.000000 XT 300000GB180000UB
```

`FARE` na `EQUIV` ni kitu kimoja kwa sarafu mbili. Kuna watu wanavijumlisha, halafu wanashangaa hesabu kugoma. Nauli ya msingi hapo ni 1,200,000, basi.

Sasa kwenye `TAX`. `XT` si kodi, ni kapu. Nafasi ikiwa finyu, kodi zilizobaki zinarundikwa humo, na kilichomo kinaandikwa mwisho wa mstari wa hesabu ya nauli. Hapa ni `GB`, kodi ya abiria anayeondoka Uingereza, na `UB`, ada ya huduma ya uwanja wa hukohuko. Ukikata picha kabla ya mstari huo, umenikatia 480,000 nisijue ni za nani.

Na hiyo `YQ` ya 550,000 ni pesa ya shirika la ndege lenyewe. Imekaa kwenye boksi la kodi kama mgeni aliyejikaribisha, lakini hakuna serikali inayopata hata senti yake. `YR` vilevile. Kwa hiyo fomu inakuwa: nauli 1,200,000, tozo za shirika 550,000, kodi na ada 580,000, yaani `TZ` pamoja na kapu la `XT`. Ukiitupa YQ kwenye kodi, kodi inakuwa 1,130,000, karibu sawa na nauli. Mkaguzi akiona hivyo faili lote linarudi kwangu, si kwako wewe uliyepiga picha!

Kaka wa Posta

Mkuu punguza presha. YQ ni mafuta tu, kila mtu anajua. Na hairudishwi, ndiyo maana wanaitenga.

TiketiKariakoo

Kaka, umepatia nusu. Ilizoeleka kwa jina la tozo ya mafuta, lakini shirika linaweza kuitoza kwa sababu nyingine, na hata mafuta yakishuka bei inaweza kubaki palepale. Kurudishwa kunategemea masharti ya nauli yenyewe. Kuna nauli hairudishwi na YQ inakwenda nayo. Mara nyingi kinachorudi tiketi isipotumika ni kodi halisi kama hiyo GB, kwa kuwa abiria hakuondoka. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mhasibu azitenganishe.

Ila MhasibuMkali, usitutupie mawakala mzigo wote. Msafiri anaomba "nitumie tiketi Watsapu", anatumiwa ratiba isiyo na bei kwa sababu ndiyo ya kuonyesha uwanjani. Aseme wazi: nataka risiti yenye nauli na kodi, faili la PDF, si picha. Wakala anayetumia mfumo wa Amadeus anafungua rekodi ya tiketi kwa `TWD`, anaona kila kitu, na risiti anaituma kwa barua pepe kwa `ITR-EML-`. Ni kazi ya dakika moja. Wakala akikwambia mfumo hauonyeshi, muulize kama kwenye boksi la nauli kumeandikwa `IT` au `BT`. Hizo ni nauli za mkataba, bei imefichwa kwa makusudi na haitatokea kwenye risiti hata upige picha mara kumi. Hapo unabaki na ankara ya wakala.

MhasibuMkali

Ankara hiyo hiyo ndiyo shida nyingine! Tiketi 2,330,000, benki imetoka 2,389,000, na msafiri hana maelezo.

TiketiKariakoo

59,000 hiyo ni ada ya wakala 50,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, yaani 9,000. Haiwezi kuonekana kwenye tiketi kwa sababu shirika haliijui. Ipo kwenye ankara na risiti ya EFD, na ina mstari wake kwenye fomu. Usiichomeke kwenye tozo za shirika.

Mama Tukuyu

Samahani jamani, na posho ya siku ya kusafiri inahesabiwa kuanzia saa ya kupaa au ya kutoka nyumbani?

Kaka wa Posta

Mama, huo ni uzi mwingine 😂

binti_Tanga

Mimi nina swali la tiketi iliyobadilishwa tarehe. Risiti mpya ina `FARE` kubwa, kodi zimewekewa `PD`, halafu `TOTAL` ni 210,000 yenye herufi `A` mwishoni. Nimejaza FARE yote, nimerudishiwa fomu.

TiketiKariakoo

Walikuwa sahihi kuirudisha, dada. `PD` maana yake kodi hiyo ilishalipwa kwenye tiketi ya kwanza. Na `A` inaonyesha kuwa 210,000 ni nyongeza tu. Ukijaza FARE nzima ya tiketi mpya pamoja na ile ya zamani, nauli umeidai mara mbili. Ambatanisha risiti zote mbili, ya zamani uijaze kama ilivyo, ya pili ujaze nyongeza peke yake. Faini ya kubadilisha inaweza kuwa imo humo humo au ina hati yake yenye tarakimu 13, kama ile ya mzigo wa ziada. Hati hiyo nayo iambatanishwe.

binti_Tanga

Asante. Na zile `Q25.00` kwenye mfano wa juu mbona hazikuingia kwenye tozo?

MhasibuMkali

Kwa sababu zimo ndani ya 480 tayari. 25 na 215 mara mbili. Ukizitoa tena ukaziweka kwenye tozo bila kupunguza nauli, jumla inazidi kwa dola 50, yaani 125,000.

TiketiKariakoo

Kwa jina Q ni tozo, mkuu. Mfadhili akitaka tozo zote peke yake, nauli inashuka hadi 1,075,000 na tozo zinapanda hadi 675,000. Jumla haibadiliki.

MhasibuMkali

Mimi najaza kile kilichoandikwa kwenye boksi la FARE. Siwezi kumweleza mkaguzi nimetoa wapi 1,075,000 ambayo haipo popote kwenye karatasi.

TiketiKariakoo

Ipo kwenye mstari wa hesabu, na wewe ndiye uliyesema watu wausome mpaka mwisho.